"Atalipa" au "hatalipa"? Miksi inapopita kwenye spika ya simu

Anayemiksi mahojiano ya Kiswahili aichunge kwanza herufi h. Ndiyo pekee inayotenganisha "atalipa" na "hatalipa", nayo ni pumzi tu. Kwenye spika za studio inasikika vizuri. Kwenye simu inaweza kumezwa na muziki, na mzee aliyesema mtu fulani hatalipa akasikika akisema atalipa.

Tuseme mzee huyo ana sauti nzito, na chini yake umeweka taarabu ya kanuni na fidla. Studioni sauti yake inatawala, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu zake iko kati ya hezi 100 na 400. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha huko chini, kwa hiyo masafa hayo hufifia mno. Mzee anabaki bila kifua, huku fidla, iliyo juu zaidi, ikibaki karibu nzima. Uwiano umegeuka bila mtu kugusa kitufe.

Wengi hukimbilia kuongeza besi. Ni kazi bure: simu haitaitoa, na anayesikiliza kwa earphone atapata mvumo. Afadhali ushuke kwenye muziki wenyewe, uupunguze desibeli 3 au 4 kati ya hezi 1,000 na 4,000, mahali konsonanti nyingi zinapotambulika. Kisha kompresa ya wastani iziinue silabi dhaifu za mzee. Sauti yake yenyewe iguse mwisho, na kidogo: desibeli 2 karibu na hezi 3,000 zinatosha.

Sasa sikiliza kwa simu, sauti ikiwa chini, feni ikizunguka. Lakini usijiamini. Anayejua kilichosemwa hukisikia hata kisipokuwepo. Mpe mtu ambaye hajasikia mahojiano, aandike sentensi ile kama alivyoisikia. Akiandika "atalipa", rudi kwenye fidla. Marekebisho yafanyie kwenye spika za studio, maana simu hazifanani, na miksi iliyopikwa kwa simu moja huwa kali kwingine.

Earphone zina kesi tofauti. Hapo maneno hayapotei sana; kinachojitokeza ni s inayochoma, mwangwi wa chumba na mikato ya uhariri. Zile desibeli 2 ulizoongeza zinaweza kuchosha sikio baada ya dakika kumi. S ikichoma, punguza kati ya hezi 5,000 na 8,000, tena kwenye s zenyewe tu, usije ukaifuta h uliyoihangaikia.

Halafu chomoa earphone moja. Wasikilizaji wengine, kwa mfano wa kwenye daladala, huvaa moja tu. Ukiwa umemweka mtangazaji kushoto na mzee kulia, aliyevaa ya kushoto atasikia maswali matupu. Sauti zote mbili zikae katikati; upana uachie muziki.