Umepika Ukapikika

Tulialikwa kubariki nyumba huko Kiamunyi, upande ule wa Nakuru ambako mashamba ya mahindi yamegeuka ploti. Padri alishanyunyiza maji ya baraka chumba hadi chumba. Sisi tuliingia na sukari, majani ya chai, unga na sufuria, na kila aliyevuka kizingiti alitoa sifa yake. "Mmeomoka!" "Huu ni mjengo!" "Una nyumba nzuri sana." Mwenyeji wetu, mwalimu aliyejenga kwa miaka sita, mkopo wa sako juu ya mkopo wa sako, alitabasamu kwa meno tu.

Nyanya wa Bondeni aliingia mwisho kwa sababu ya magoti. Akaufunga mlango nyuma yake. Akaufungua. Akaufunga tena, polepole, sikio likiwa karibu na bawaba kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Mlango huu umekaa," akasema. "Haulalamiki."

Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. Mlango ule ulikuwa umemtesa. Mbao zilinunuliwa zikiwa bado mbichi, mvua za Aprili zilipokuja zikafura, mlango ukawa unakwaruza saruji na kulia usiku kucha. Fundi aliitwa mara tatu. Mara ya tatu aliung'oa wote, akauacha ukauke, akaupiga randa upya. Kati yetu wageni arobaini, ni Nyanya peke yake aliyeigusa ile miaka sita mahali ilipouma.

Nimeishi jirani naye tangu utotoni na sikumsikia hata siku moja akisema "una nyumba nzuri". Alisema maneno hayo ni ya dalali. Ukimwambia mtu ana nyumba nzuri umetaja mali yake, na mali ikitajwa, anayesikiliza huanza kujiuliza umekuja kuangalia nini. "Umeomoka" ni mbaya zaidi, kwa sababu inauliza pesa zimetoka wapi huku ikijifanya inapongeza. Yeye angesema "mmejenga ikajengeka", kisha angeikabidhi nyumba kwa mwenye kuilinda: "Mungu awape kuzeekea humu." Huko kwa wazee wake, Pwani, sifa isiyofuatwa na mashallah huhesabiwa kijicho. Babake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, na tabia hiyo aliiteremsha stesheni pamoja na mizigo.

Kuna swali jingine ambalo hakuwahi kuliuliza katika nyumba mpya: "Na nyumbani ni wapi?" Kwingineko ni swali la kupitisha wakati. Hapa kwetu, likifuata sifa ya nyumba, hewa hubadilika. Januari 2008 watu walihama Molo, Njoro na mitaa ya Nakuru yenyewe, wakalala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho, na wengi wao walikuwa wameacha nyumba nzuri. Mtu anayejenga Kiamunyi leo anataka kuambiwa amefika. Kwa hiyo Nyanya alisema "humu", akanyamaza.

Nakuru ni mji wa ajabu kwa jambo hili. Reli ilifika mwaka 1900, na tangu hapo watu wamekuja kila mmoja na lugha yake ya jikoni: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii. Kiswahili tunakutana nacho mlangoni. Tunakitumia kumwamkia jirani, kununua viazi, kumsifu mwenyeji, kisha tunarudi ndani kwa lugha ya mama. Ndiyo maana sifa zetu huvuka mpaka zikiwa na vumbi la zilikotoka, na siku hizi vumbi hilo si la kwa mama tena. Ni la simu na televisheni.

Msikilize kijana wa leo akimsifu mwenzake: "Unaonekana mrembo." Sarufi yake ni safi, lakini neno limekaa upande. Kuonekana katika Kiswahili kuna shaka ndani yake. Mgonjwa huonekana nafuu kumbe bado, na tapeli huonekana mtu wa watu. "Umependeza" haiachi mwanya huo. Ile "-me-" inasema kuna kitu umefanya, kimekamilika, na mimi nimekiona: umechagua kitambaa, umekaa saa nne kwa msusi, umepiga pasi. Ndiyo sababu Kiswahili husema nguo "imekukaa", rangi "imekutoa", na mtu "amevaa akavalika". Sifa inashika kazi. Uzuri wa kuzaliwa nao mtu hana jasho lake pale, na Nyanya aliupita bila kuutaja, hasa kwa mtoto mchanga. Alimwambia mama wa mtoto tu, "Umelea."

Na aliyesema "umependeza" aishie hapo. Akiongeza "leo", atajibiwa papo hapo, "Kwani siku zingine?" na atakuwa amestahili.

Halafu kuna "napenda". Napenda nywele zako, napenda viatu vyako, napenda sketi yako. Mpwa wangu alirudi likizo kutoka chuoni akamwambia Nyanya, kwa moyo mweupe kabisa, "Nyanya, nimependa leso yako." Mkono wa Nyanya ulishaenda kwenye fundo. "Nikuvulie sasa hivi au ungoje niingie ndani?" Msichana akawaka uso. Kwa masikio ya kizee, ukisema umekipenda kitu cha mtu umekiomba. Muulize yeyote anayeuza mitumba sokoni kwetu: ukishatamka "nimeipenda" bei imeshapanda, na huna wa kumlaumu. Nyanya alimwelekeza taratibu. Sema leso imenikaa. Sema rangi imeiva. Acha mapenzi yako nje ya nguo yangu.

Mitego ya lugha za mama ni ya aina yake, na ina utamu. Shosho mmoja wa Bahati alimpokea bibi harusi wa mjukuu wake, msichana wa Kiswahili cha Mombasa, kwa furaha kubwa: "Umenona!" Kwa Kikuyu angekuwa amempa zawadi. Kunora ni afya, ni nyumba yenye chakula, ni ndoa isiyo na machozi. Lakini Kiswahili cha yule msichana kinamwachia kunona ng'ombe na mbuzi wa Idi, na alijiona amepimwa kwa kilo. Nyanya, aliyekuwa ameketi katikati yao na anajua lugha zote mbili, alilipokea neno lile likiwa bado hewani. "Anasema ndoa imekukubali." Shosho akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo. Msichana akatabasamu. Sijui mkalimani gani wa mahakamani angefanya kazi hiyo kwa haraka vile.

Mimi mwenyewe niliharibu Olenguruone. Nilialikwa kwa rafiki Mkipsigis, mamake akanimiminia mursik. Anayeijua ataelewa ninachosema: kibuyu kilichooshwa, kikafukizwa kwa kijiti cha senetwet kinachowaka, makaa yakasuguliwa ndani kwa brashi mpaka ukuta wa kibuyu ukawa mweusi laini, kisha maziwa yaliyochemshwa yakapoa, yakatiwa, yakalala siku kadhaa. Yalikuja na rangi ile ya kijivu na harufu ya moshi. Nikanywa funda moja, nikasema haraka, kwa hofu ya kuonekana sina adabu, "Tamu sana, mama, kama yogati ya dukani!"

Mama alisema "haya". Akaenda kuangalia kuku.

Nilimsimulia Nyanya nikidhani atanituliza. Hakunituliza. Kosa la kwanza, alisema, nilisifu kabla sijamaliza, na sifa ya funda moja ni woga. La pili, nilikilinganisha kitu chake na kitu changu, nikaweka changu juu. Kibuyu chake kimekuwa mwanafunzi wa duka! Kama ni lazima useme, sema kibuyu. Sema moshi umeingia. Sema maziwa yamelala yakalalika. Na kama unalo neno moja tu la lugha yao, livumilie. Usilitoe mlangoni kuonyesha kwamba unalijua. Litoe mwisho, kikombe kikiwa kitupu.

Nilirudi Olenguruone mwaka uliofuata. Nilikunywa mpaka chini, nikapangusa mdomo, nikasema, "Anyiny." Kisha nikanyoosha kikombe.

Hicho kikombe ndicho alichokisisitiza kuliko maneno yote. Jikoni, alisema, ulimi ni shahidi wa pili. "Chakula kizuri" humwambia mpishi kwamba unakula kwa heshima. Kizuri ni cha kutazamwa. Hata "kitamu" peke yake ni jepesi, maana wageni wote hulisema, na mpishi hulipokea kama unavyopokea chenji bila kuhesabu. Mpishi anataka ujue ni nini kilimhangaisha. Mchuzi umekolea. Ugali umesongwa ukasongeka. Chapati zimefunguka tabaka. Wali umechambuka, punje kwa punje, haukushikana. Ukishasema hilo moja, ongeza neno la mwisho na la kweli: "Niongezee." Mtu hawezi kuudanganya mdomo wake sahani ya pili. Na ukiondoka, shukuru kwa chakula, naye akujibu, "Asante kushukuru." Jibu hilo nililisikia kwake tu. Sisi wengine husema "karibu" tukitazama kwingine.

Sasa sahani hupigwa picha kabla ya kuonjwa. Sifa hutumwa kwa vidole, vikatuni vitatu vya moto na moyo mmoja, kwa mpishi aliye chumba cha pili. Nimefanya hivyo mimi pia, na mpishi naye alinijibu kwa kikatuni, na wote wawili tulikuwa tumeketi chini ya paa moja.

Nyanya alifariki mwezi wa sita, alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Siku ya khitima ua wa Bondeni ulijaa: Waislamu wake, shosho wa Bahati, mwalimu wa Kiamunyi, hata mama wa Olenguruone alikuja na kibuyu amekifunga kwa kanga. Watu walisimama wakasema alikuwa mtu mzuri. Alikuwa mtu mzuri sana. Mmoja alisema alikuwa mtu wa watu, na wote tukaitikia.

Pilau ilipikwa nyuma ya nyumba, sufuria tatu kubwa juu ya kuni. Aliyepika ni msichana mdogo, kitukuu wake, macho mekundu kwa moshi au kwa mengine. Niliketi nikala mpaka nikamaliza. Wali ulikuwa umechambuka, bizari nyembamba imeingia, viazi vimeshika rangi bila kuvunjika. Nikamwendea na sahani yangu.

"Mwanangu, umepika ukapikika. Punje imekaa peke yake."

Akanitazama, upawa mkononi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Unataka nikuongeze?"

Nikamwambia naam, niongeze.