Chuma na Mchanga wa Diani

Nyuma ya nyumba nyingi za pwani utakuta jimu ya uani: bomba la chuma lenye kopo la simiti kila upande, benchi la mbao lililopigwa misumari na fundi wa mtaa, na tawi la mwembe la kujivutia. Kijana aliyejenga mabega yake hapo kwa miaka anayalinda kama mali. Mwambie ajiandikishe nusu marathoni, kilomita 21.1, naye atakujibu papo hapo kwamba mbio zitamla mwili.

Hofu hiyo ina msingi. Mtafiti Mmarekani Robert Hickson, mtu wa chuma aliyeanza kukimbia na kuona misuli yake ikisinyaa, aliamua kulipima jambo hilo, na mwaka 1980 akachapisha matokeo ya jaribio la wiki 10. Kundi moja lilinyanyua chuma tu, la pili lilifanya mazoezi ya pumzi tu, la tatu lilifanya yote mawili. Kundi la tatu lilipata nguvu sambamba na wanyanyuaji kwa muda wa wiki saba hivi, kisha likakwama, na mwishoni likaanza kurudi nyuma. Linalosahauliwa ni kwamba watu hao walikuwa wakinyanyua siku 5 kwa wiki na kufanya pumzi siku 6, karibu zote kwa kujikamua. Mwili ulikosa siku ya kujijenga. Tafiti za baadaye, zilizotumia kipimo cha wastani, zimeonyesha kwamba misuli huweza kubaki na hata kukua kando ya mbio. Kinachopungua zaidi ni ule wepesi wa kuruka na kufyatuka.

Basi kazi yote ni kipimo na mpangilio, na hapo ndipo ninapoupenda ufundi huu. Tumchukue kijana wa Ukunda mwenye kilo 76, anayechuchumaa na chuma cha kilo 100 mabegani mara tano, naye ana wiki 12 mbele yake. Akiwa anafanya seti tano za miguu, mara mbili kwa wiki, azishushe ziwe mbili, lakini zile kilo 100 asiziguse. Wengi hufanya kinyume: wanapunguza uzito na kuongeza marudio, ishirini, ishirini na tano, wakiamini kwamba hayo ndiyo mazoezi ya mkimbiaji. Ustahimilivu ataupata barabarani. Chuma kimebakiwa na kazi moja tu, kuuambia mwili kwamba misuli hii bado inahitajika, na ujumbe huo hubebwa na uzito. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba vijana waliojenga misuli kwa wiki 16 waliitunza kwa wiki 32 zilizofuata kwa sehemu moja ya tisa tu ya kazi ya awali, maadamu chuma kilibaki kizito. Kwa watu wa miaka 60 na kuendelea kiasi hicho hakikutosha.

Sasa siku zake. Jumatano asubuhi anakimbia kwa kasi, tuseme mara tano kwa dakika nne huku akipumzika katikati, na jioni hiyo hiyo anachuchumaa. Mtu atashangaa kuona kazi mbili ngumu zikirundikwa siku moja. Zikitengana kwa saa sita au zaidi, na mlo kamili katikati, Alhamisi inabaki huru kabisa, na uhuru huo ndio unaojenga. Ijumaa ni kilomita 5 au 6 za polepole, mwendo ambao angeweza kumsimulia mwenzake habari za kijiji bila kukata maneno. Jumapili ni safari ndefu, ianze kilomita 8, iongezeke moja kila wiki mpaka 16 au 17, na kila wiki ya nne ipungue ili miguu ipate nafuu. Jumatatu ni kifua, mgongo na mabega, kama alivyozoea, pamoja na zile seti mbili za miguu kwa uzito ule ule na kuinua visigino taratibu, maana visigino vya mtu wa chuma havijazoea maelfu ya hatua.

Kwa ile safari ya Jumapili, bahari ya Diani ina amri yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa alfajiri mpaka karibu na mizizi ya miti, na mchanga mgumu hauonekani vizuri mpaka saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Wiki hizo akimbie kwenye lami, kando ya barabara ya Diani kuelekea Galu na Kinondo, mapema kabla ya magari. Nusu ya mwezi inapofika, maji ni mafu; hayatoki mbali, lakini kupwa huangukia alfajiri au karibu nayo, na ukanda wa mchanga mbichi, mgumu, hujitokeza kungali na baridi. Huo ndio wakati wa ufuo. Ajue tu kwamba ufuo umeinama: akienda kusini mguu wa upande wa bahari unashuka chini zaidi, na nyonga na goti vitamlipisha. Ageuze arudi kwa njia ile ile ili kila mguu ubebe zamu yake. Mchanga mkavu wa juu auache kabisa siku za baada ya kuchuchumaa, kwani kukimbia humo hugharimu nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ardhi ngumu, na mzigo huo unaangukia visigino.

Misuli mingi, naamini, hupotelea jikoni. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, hivyo kilomita 16 za kijana wetu ni kama 1,200, karibu nusu ya chakula chake cha kutwa. Joto na unyevu wa pwani humwondolea hamu ya kula, anakunywa chai kavu na kulala. Mwili wenye njaa ndio unaokula misuli. Mahamri na mbaazi za nazi, na mayai matatu kando, baada ya safari hiyo, ni dawa bora kuliko unga wowote wa kopo. Kwa siku nzima alenge gramu 1.6 za protini kwa kila kilo yake, yaani 120 hivi: kipande kikubwa cha kolekole kina kama 35, bakuli la maharage 15, na mayai na maziwa lala hujaza pengo. Wanga asiuogope, ugali na muhogo ndio mafuta ya taa ya safari.

Mizani itamdanganya, kwa sababu kwenye joto hili anaweza kutoa zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Ajipime asubuhi kabla ya kula, kisha aende kwenye tawi la mwembe. Akishuka kutoka kilo 76 hadi 74 na kujivuta kukawa rahisi, marudio nane yakawa tisa, amepoteza mafuta. Akiwa mwepesi zaidi na marudio yakapungua wiki mbili mfululizo, misuli inaondoka. Hapo aongeze chakula kwanza, apunguze Jumapili kwa robo, na chuma akiache kizito vile vile.

Achuchumae mara ya mwisho siku tano kabla ya mashindano, seti moja tu. Baada ya mashindano aipumzishe miguu wiki moja, kisha arudishe seti ya tatu, na wiki inayofuata ya nne.