Ukingo Unaoyeyuka: Ukungu wa Mwendo Uliofanywa Sawasawa

Jamani, basi limepita mbele ya ukuta na ukingo wake umeyeyuka! Si bodi peke yake: ule mstari wenyewe, pale pua ya basi inapokutana na ukuta, umelainika kama picha ya kamera halisi. Na ukuta wenye mabango haukuguswa. Nilisimamisha fremu, nikaikuza hadi pikseli zikawa visanduku vikubwa, nikitafuta kasoro. Kasoro zipo, nitazitaja. Lakini kwanza niacheni nifurahi.

Kinachofanya kazi hii ni kichujio alichokieleza Morgan McGuire na wenzake mwaka 2012. Si kipya, wala sijali. Nimekiandika katika sheda za onyesho langu dogo: basi, ukuta, mhusika mmoja anayekimbia. Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini gemu nyingi zilizotangulia zilikuwa na ukungu wa mwendo unaowafanya wachezaji wakimbilie mipangilio kuuzima.

Msingi wake ni bafa ya kasi. Kila kitu kinachochorwa, nafasi yake hukokotolewa mara mbili: kwa matriki za fremu hii, na kwa matriki za fremu iliyopita. Tofauti kati ya nafasi hizo mbili kwenye skrini ndiyo kasi ya pikseli, nayo huandikwa kwenye picha ya pembeni yenye chaneli mbili, mlalo na wima. Mhusika mwenye mifupa anadai zaidi, kwa sababu lazima uhifadhi mkao wa mifupa yake ya fremu iliyopita. Usipofanya hivyo, mwili utapata ukungu lakini mikono inayopunga itakosa ukungu wa kupunga kwake.

Mpaka hapo hakuna la ajabu. Balaa huanza ukishachukua bafa hiyo na kufanya jambo ambalo kila mtu hulifikiria kwanza: kila pikseli isome rangi za jirani zake kwa kufuata kasi yake yenyewe, kisha ichukue wastani. Basi langu linakwenda pikseli 40 kwa fremu, na kilango cha kamera kinakaa wazi nusu ya muda wa fremu, kwa hiyo njia ya ukungu ni pikseli 20, yaani 10 kila upande. Ndani ya basi rangi zinavutika vizuri. Lakini pikseli ya ukuta iliyo mbele kidogo ya pua ina kasi sifuri, haisomi jirani yeyote, na basi haliwezi kumwagikia upande huo. Unapata ukungu uliofungiwa ndani ya umbo lenye ukingo mkali. Geuza hali: kamera inalifuata basi, basi limetulia kwenye skrini na ukuta ndio unaokimbia. Sasa pikseli za ukuta zinasoma hadi ndani ya basi, zinachota rangi yake, na kulizungushia utando mchafu. Ule utando ndio watu wanaouchukia.

Dawa yake ina hatua mbili. Kwanza skrini hugawanywa katika vigae vya mraba, vyenye upana sawa na nusu-urefu mkubwa kabisa wa ukungu unaoruhusiwa, tuseme pikseli 20. Kila kigae huhifadhi kasi moja tu, ile kubwa kuliko zote zilizomo, katika bafa iitwayo `TileMax`. Kisha kila kigae hujilinganisha na majirani wake wanane na kuchukua kasi iliyo kubwa kupita zote: `NeighborMax`. Kwa hiyo pikseli ya ukuta iliyotulia kabisa inapata habari kwamba kuna kitu cha kasi karibu yake, na kinaelekea wapi. Inaanza kusoma sampuli kwa mwelekeo huo.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nipige makofi peke yangu chumbani. Kila sampuli inahojiwa: una haki ya kuwa hapa? Huu ndio moyo wake, ambapo X ni pikseli tunayoipaka, Y ni sampuli, `d` ni umbali kati yake kwenye skrini, `z` ni kina, na `v` ni nusu-urefu wa ukungu usioshuka chini ya 0.5:

```glsl
float f = clamp(1.0 - (zY - zX) / E, 0.0, 1.0);
float b = clamp(1.0 - (zX - zY) / E, 0.0, 1.0);
float a = f * clamp(1.0 - d / vY, 0.0, 1.0)
        + b * clamp(1.0 - d / vX, 0.0, 1.0);
```

Kipo kipande cha tatu, cha pale ambapo X na Y zote zina ukungu, nimekiacha ili msomaji apumue. Mstari wa `f` unasema: kama Y iko mbele ya X, na kasi ya Y inatosha kuifikia X, basi Y ihesabiwe. Mstari wa `b` unasema: kama Y iko nyuma, na X yenyewe inakimbia kiasi cha kuacha wazi kilicho nyuma yake, Y ihesabiwe pia. `E` hulainisha ulinganisho wa kina, isiwe ndiyo au hapana ya ghafla.

Tuchukue pikseli ya ukuta iliyo pikseli 6 mbele ya pua ya basi. Sampuli 15 zikitawanywa kwenye njia ya pikseli 20, tatu zinaangukia kwenye basi, kwa umbali wa 6.25, 7.5 na 8.75. Uzito wake ni 0.375, 0.25 na 0.125, jumla 0.75. Sampuli za ukuta zinapata sifuri kwa sababu ukuta hauendi popote, na pikseli yenyewe ina uzito wa 1 kugawa kwa 0.5, yaani 2. Kwa hiyo basi linachangia 0.75 kati ya 2.75, kama asilimia 27. Kamera halisi ingetoa asilimia 20. Si sawasawa, lakini jicho haligombani nalo hata kidogo!

Geuza tena kamera ilifuate basi. Pikseli ya ukuta inakutana na sampuli ya basi: basi liko mbele, lakini kasi yake haifiki popote, kwa hiyo kipande cha `f` kinazimwa, na kwa kuwa haliko nyuma, `b` nayo ni sifuri. Basi limekataliwa. Utando haupo. Mistari ileile, bila kuongeza sharti lolote!

Sasa kasoro. Ukungu unapolainisha pua ya basi kwa ndani, kichujio kinahitaji rangi ya ukuta uliofichwa nyuma yake, na hakina. Kinaazima ukuta wa jirani. Kwenye plasta hutajua. Kwenye bango lenye herufi kubwa, ukisimamisha fremu, utaona vipande vya herufi vimejirudia. Pia kila kigae kinaamini mwelekeo mmoja tu. Mabasi mawili yakipishana kwa pembe tofauti, moja linanyang'anywa ukungu wake na mpaka wa kigae unajitokeza kama mraba. Guertin, McGuire na Nowrouzezahrai walilishughulikia hilo mwaka 2014, kwa kugawa sampuli kati ya mwelekeo wa kigae na ule wa pikseli yenyewe, na kutikisa kidogo usomaji mipakani. Gurudumu linalozunguka haraka mno halina dawa hapa, maana kasi ni mstari ulionyooka na gurudumu huchora duara. Vioo vya basi navyo, kwa kuwa ni vya uwazi na haviandiki kasi, vinafuata ukungu wa kilicho nyuma yake.

Kabla ya kukilaumu kichujio, ipake bafa ya kasi kwenye skrini kama rangi. Kamera na vitu vyote vikitulia, picha nzima iwe ya rangi moja. Ikitetemeka, umesahau kuondoa mtikisiko wa kulainisha kingo kwenye matriki zote mbili. Ikilipuka rangi kila kamera inapobadilika ghafla, matriki ya fremu iliyopita ni ya kamera ya zamani; katika fremu hiyo moja, ifanye iwe sawa na ya sasa.

Kama ulizima ukungu wa mwendo miaka ile na hukuurudisha tena, uwashe katika gemu inayotumia kichujio cha aina hii, kisha tazama ukingo wa kitu kinachopita, si katikati yake.