Ndoto ya Loewi na mioyo miwili ya vyura

Usiku mmoja wa msimu wa Pasaka, mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtaalamu wa dawa Otto Loewi wa Graz, Austria, aliamka, akawasha taa, akaandika harakaharaka kwenye kikaratasi, akalala tena. Kulipokucha alijua ameandika jambo zito, lakini mwandiko wake mwenyewe ulimshinda kuusoma. Usiku uliofuata, saa tisa, wazo likarudi. Safari hii hakuliacha lingoje asubuhi. Aliondoka papo hapo kwenda maabara.

Swali alikuwa nalo tangu 1903: neva inapopunguza mapigo ya moyo, hutumia umeme mtupu au humwaga kemikali? Alichukua mioyo miwili ya vyura, ambayo huendelea kudunda hata nje ya mwili. Wa kwanza ulikuwa na neva yake ya vagasi, wa pili umeondolewa neva. Akaujaza ule wa kwanza maji ya chumvi, akaisisimua neva kwa umeme, mapigo yakapungua. Kisha akayahamishia maji yale kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, bila neva yoyote kuugusa. Kilichovuka kilikuwa ndani ya maji. Baadaye kilitambulika kuwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Henry Dale.

Wengi husimulia kana kwamba ndoto ilimpa jibu. La, ilimpa jaribio. Mbinu ya mioyo na maji alikwisha kuitumia katika utafiti mwingine. Usingizi uliikutanisha tu na swali la zamani. Yeye mwenyewe alisema kwamba mchana angelitupa wazo hilo, kwa kuwa neva ilitarajiwa kumwaga kiasi cha kuutosha moyo tu, bila ziada ya kubaki majini.

Mchoraji Salvador Dalí naye aliutumia usingizi kutafuta picha, ila hakungoja usiku. Aliketi kitini na ufunguo mzito mkononi, sahani imepinduliwa sakafuni chini yake. Usingizi ukimchukua vidole hulegea, ufunguo huanguka kwa kishindo juu ya sahani, naye hushtuka picha zikiwa bado zi mbichi.

Ukitaka kujaribu, andika swali moja kabla ya kulala, tena liwe swali unalolifanyia kazi kweli. Ukiamka usijigeuze wala usishike simu kusoma ujumbe; baki vilevile mpaka uikumbuke picha ya mwisho, kisha rudi nyuma kutoka hapo. Ndipo uandike sentensi kamili, au ujirekodi kwa sauti. Mwandiko wa harakaharaka ndio uliomponza Loewi. Usiku mwingi utaambulia vipande visivyohusiana na swali, na mawazo mengine yanayong'aa gizani hugeuka upuuzi yakisomwa baada ya chai. La kubaki nalo ni lile unaloweza kulijaribu kwa vifaa ulivyo navyo wiki hiyohiyo.