Mafunzo ya "Bure" Ndani ya Milioni 63: Jinsi Bei ya Mkataba Mmoja Inavyogawanywa

Tuchukue mfano wa kampuni ya Tanzania inayouza pampu za maji zinazotumia sola. Mwezi Novemba 2025 imesaini mkataba na ushirika wa wakulima wa umwagiliaji kwa shilingi milioni 63, bila VAT. Kampuni italeta pampu, paneli na kidhibiti chake, itavifunga kwenye kisima, itawafundisha wakulima kuendesha mtambo, kisha itaufanyia matengenezo kwa miaka 2. Ankara ina mstari mmoja tu wenye fedha: "Mtambo wa pampu, milioni 63." Chini yake imeandikwa kuwa ufungaji umo ndani ya bei, na kwamba mafunzo na matengenezo ni bure.

Vifaa vilifika na kupokewa na ushirika tarehe 10 Desemba, na siku hiyo salio la bei likalipwa. Ufungaji na mafunzo vilifanyika Januari 2026. Matengenezo yakaanza tarehe 1 Februari. Mwaka wa hesabu wa kampuni unaishia tarehe 31 Desemba, kwa hiyo swali la mhasibu ni hili: kati ya milioni 63 zilizokwisha kuingia benki, ni kiasi gani ni mapato ya mwaka 2025?

Ukiifuata ankara, utajibu kuwa ni zote. IFRS 15, kiwango kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinatoa jibu jingine, kwa sababu hakiangalii mistari ya ankara. Kinaangalia mteja ameahidiwa nini, na kila ahadi ingeuzwa kwa bei gani kama ingeuzwa peke yake.

Ahadi ni ngapi?

Ahadi huhesabiwa peke yake ikiwa mteja anaweza kunufaika nayo bila zile nyingine, au kwa kuiunganisha na vitu anavyoweza kuvipata kirahisi. Na pia ikiwa, ndani ya mkataba wenyewe, haijafungamana na nyingine kiasi cha kuwa kitu kimoja. Mjadala mkubwa katika mkataba huu ni ufungaji. Je, kampuni imeuza vifaa na ufundi, au imeuza kitu kimoja kiitwacho "mtambo unaofanya kazi"?

Hapa kampuni huwauzia pampu zilezile mafundi wengine wanaojifungia wenyewe, na pampu haibadilishwi wakati wa kufungwa. Kwa hiyo ufungaji ni ahadi inayojitegemea. Jibu lingekuwa tofauti kama kampuni ingesanifu mfumo mzima kwa ajili ya shamba hilo, ikaunda sehemu zisizotumika kwingine, na kuunganisha kila kitu hadi kisitenganishike. Vilevile, fundi yeyote aliyefunzwa na mtu mwingine anaweza kuuendesha mtambo, na karakana nyingine zinaweza kuutengeneza. Tunapata ahadi 4: vifaa, ufungaji, mafunzo na matengenezo.

Mkataba una pia dhamana ya mwaka mmoja kwamba pampu haina kasoro ya kiwandani. Hiyo haigawiwi bei, kwa kuwa haimpi mteja huduma yoyote ya ziada. Inamhakikishia tu kwamba alichonunua ndicho alichoahidiwa. Gharama yake inawekewa akiba kwa kufuata IAS 37. Matengenezo ni jambo jingine: fundi anakuja kila robo mwaka hata kama pampu ni nzima, na anaitika anapoitwa. Hiyo ni huduma, na ina thamani yake.

Bei ya kila ahadi ikiwa peke yake

Ushahidi ulio bora ni bei ambayo kampuni yenyewe huitoza inapouza kitu hicho pekee kwa wateja wanaofanana na huyu. Vifaa vya aina hii huuzwa milioni 44. Ufungaji, kwa wale walionunua vifaa kwingine, ni milioni 8. Matengenezo huuzwa milioni 6 kwa mwaka, yaani milioni 12 kwa miaka 2. Bei hizi 3 zinasomeka kwenye ankara za wateja wengine.

Mafunzo ndiyo yenye kazi, maana kampuni haijawahi kuyauza. Hata hivyo kiwango hakiruhusu kuyapa sifuri kwa sababu hayana bei. Kinataka yakadiriwe, na hapa mhasibu ana njia 2 za kawaida. Anaweza kuangalia soko: wengine wanatoza kiasi gani kwa mafunzo kama haya? Au anaweza kuanzia kwenye gharama na kuongeza faida ambayo kampuni hupata kwa huduma zake. Tuseme posho za wakufunzi, usafiri, malazi na vitabu vya mwongozo vinagharimu milioni 4.8, na kampuni huongeza asilimia 25 juu ya gharama kwenye huduma zake nyingine. Tunapata milioni 6.

Jumla ya bei za peke yake ni milioni 70. Mteja analipa 63, kwa hiyo amepewa punguzo la milioni 7, sawa na asilimia 10. Kila ahadi inabeba sehemu yake ya punguzo hilo:

| Ahadi | Bei peke yake (milioni) | Bei iliyogawiwa (milioni) |
|---|---|---|
| Vifaa | 44 | 39.6 |
| Ufungaji | 8 | 7.2 |
| Mafunzo | 6 | 5.4 |
| Matengenezo | 12 | 10.8 |
| Jumla | 70 | 63.0 |

Njia ya mkato inayovutia

Wapo wanaopendelea kuepuka makadirio ya mafunzo kwa kutumia mbinu ya baki: chukua bei ya mkataba, toa zile bei zinazojulikana, kinachobaki ndicho cha mafunzo. Kiwango kinaikubali mbinu hii, lakini kwa masharti. Bei ya kitu hicho iwe inayumba sana kutoka mteja hadi mteja, au iwe haijapangwa na kitu chenyewe hakijawahi kuuzwa pekee.

Mtu anaweza kudai kuwa mafunzo yetu yanaingia kwenye sharti hilo la pili. Na tujaribu. Bei zinazojulikana ni 44, 8 na 12, jumla milioni 64. Ukitoa 64 kwenye 63 unapata hasi milioni 1. Hesabu inasema kampuni imewalipa wakulima ili wakubali kufundishwa, ilhali mafunzo hayo yametumia milioni 4.8 za gharama na yana manufaa kwa mteja.

Kilichotokea ni kwamba mbinu ya baki imelitupa punguzo lote juu ya ahadi moja. Ndiyo maana matokeo ya sifuri, au karibu na sifuri, yanapaswa kumrudisha mhasibu nyuma akague njia aliyoitumia. Lengo la mgawanyo ni kuonyesha kiasi ambacho kampuni inatarajia kupata kwa kutimiza kila ahadi, na makadirio ya gharama na faida yanalifikia lengo hilo vizuri zaidi hapa.

Je, punguzo linaweza kuwekwa mahali pamoja?

Meneja mauzo atakuja na hoja nyingine, nayo inastahili kusikilizwa. Kampuni, atasema, huuza vifaa na ufungaji kwa pamoja kwa milioni 45 badala ya 52 karibu kila wiki. Punguzo la 7 ni la kifurushi hicho, na matengenezo hayajapunguzwa hata senti. Kwa nini basi yabebe mzigo usio wake?

Kiwango kinajua hali hiyo, na kinaruhusu punguzo lote kuwekwa kwenye baadhi ya ahadi. Masharti ni 3, na yote lazima yatimie. Kampuni iwe na kawaida ya kuuza kila ahadi ya mkataba peke yake. Iwe na kawaida ya kuuza kifurushi cha baadhi ya ahadi hizo kwa punguzo. Na punguzo la kifurushi hicho lilingane kwa kiasi kikubwa na punguzo la mkataba wote, kwa ushahidi unaoonekana.

Meneja ametimiza sharti la pili na la tatu, lakini la kwanza limemshinda. Mafunzo hayauzwi peke yake. Kwa hiyo punguzo linabaki limegawanywa kwa ahadi zote. Siku kampuni itakapoanza kuyauza mafunzo kwa bei yake kama jambo la kawaida, mkataba utakaosainiwa baada ya hapo unaweza kuwa na jibu tofauti.

Fedha zinavyoingia kwenye mapato

Tarehe 31 Desemba 2025, ahadi moja tu imetimia. Mteja amepokea vifaa, amevilipia na ndiye anayevidhibiti. Mapato ya mwaka huo ni milioni 39.6. Milioni 23.4 zilizobaki ni dhima ya mkataba kwenye mizania: fedha ipo benki, kazi bado inadaiwa.

Mwaka 2026 ufungaji unaleta 7.2 na mafunzo 5.4. Matengenezo yanatolewa muda wote kwa kiwango kilekile, kwa hiyo 10.8 inagawanywa kwa miezi 24, yaani shilingi 450,000 kila mwezi. Miezi 11 inaleta milioni 4.95, na jumla ya 2026 inakuwa 17.55. Mwaka 2027 unapata 5.4, na Januari 2028 inamalizia 0.45. Ukijumlisha unarudi kwenye 63.

Mhasibu aliyeifuata ankara angeandika 63 zote mwaka 2025 na kuzidisha mapato kwa milioni 23.4, zaidi ya theluthi moja ya mkataba. Mwaka unaofuata angekuwa na gharama za ufungaji, wakufunzi na mafundi wa zamu zisizo na mapato ya kuzikabili. Hiyo ni dalili ya kutafuta unapokagua vitabu: idara ya huduma inayoonekana kupata hasara kila mwaka, na idara ya mauzo yenye faida isiyofanana na soko. Jaribio jingine ni rahisi. Mwisho wa mwaka, orodhesha ahadi zisizotimizwa za kila mkataba uliokwisha kulipwa kwa bei zilizogawiwa, kisha linganisha na dhima ya mkataba kwenye leja. Hapa ni 7.2, 5.4 na 10.8. Isipofika 23.4, kuna ahadi iliyoachwa.

Bado kuna jambo la tarehe. Tuseme bei ya paneli imeshuka Februari 2026 na vifaa vile vile sasa vinauzwa milioni 38. Mgawanyo haubadiliki, kwa sababu uwiano hupimwa siku mkataba unapoanza na hubaki hivyo hivyo. Kama pande zote 2 zingekubaliana kubadili bei au kuongeza kazi, hayo yangekuwa mabadiliko ya mkataba yenye kanuni zake.

Ndiyo maana jalada la mkataba linapaswa kuandaliwa Novemba, wakati wa kusaini: nakala za ankara zinazothibitisha 44, 8 na 12, mchanganuo wa gharama za mafunzo, na sababu ya kuchagua asilimia 25. Mkaguzi atakayekuja Machi hatabishana sana juu ya kuzidisha na kugawanya. Ataomba kuona milioni 6 za mafunzo zimetoka wapi, na makadirio yaliyoandikwa baada ya matokeo ya mwaka kujulikana yana nguvu ndogo mbele yake.