Akazifukia

Mtoto wa kaka yangu alirudi Malangali likizo na insha ya chuo kuhusu kilimo cha matuta hapa Ufipa. "Shangazi, mhadhiri kaandika pembeni kwamba sentensi hazishikani." Tukakaa barazani, nikamwomba anisomee kwa sauti, maana pale jicho linapopita, sikio hukwama.

Aya ya pili ilisema: "Matuta yanacheza nafasi muhimu katika maisha ya Wafipa. Nyasi ambazo zimekatwa zinafukiwa na wakulima. Pia, nyasi zinaoza. Vilevile, udongo unapewa rutuba na nyasi. Mwisho wa siku, ulezi unapandwa na wakulima."

Maneno ni ya Kiswahili, mifupa ni ya Kiingereza. Matuta hayachezi, Wafipa huyategemea. Mwisho wa siku ni jioni, naye alimaanisha hatimaye. Hayo hujitokeza mapema. Kinachojificha ni ile "pia." Pia hujumlisha, huweka jambo kando ya jambo, ilhali nyasi kuoza si nyongeza ya kufukiwa. Zimeoza kwa sababu zilifukiwa.

Nikamwambia amtangulize mkulima, kisha aviachie vitenzi kazi ya kuunga. Ikawa: "Mkulima hukata nyasi, akazifukia ndani ya tuta, zikaoza, na udongo wa tuta hilo ukapata rutuba."

Litazame neno *akazifukia*. A- yamrudia mkulima, -ka- yasema kufukia kumefuata kukata, -zi- yazirudia nyasi. Viungo vitatu vimekaa ndani ya kitenzi kimoja, na hakuna kiunganishi kilichoongezwa. Nimehariri insha nyingi, na bado neno kama hilo hunifurahisha kila linapokaa mahali pake.

Hatukufuta kila kauli ya kutendwa. Penye mbegu zilizoliwa na ndege, aya ilikuwa ikizungumzia mbegu, kwa hiyo tukaiacha. Wala amba- si adui. "Ambazo zimekatwa" ikawa "zilizokatwa," lakini "ambazo hufukiwa" ilibaki, kwa kuwa hu- haipokei kirejeshi ndani yake.

Tulipofika kwenye ulezi, tulikwama. Kauli ya kutendwa ilikuwa imemruhusu aruke kutoka rutuba hadi ulezi bila kuulizwa kitu. Sasa mkulima alikuwa amesimama mbele ya sentensi, na -ka- ilidai hatua inayofuata. Nikamuuliza: tuta likishaumbwa, mkulima hufanya nini juu yake?

Kijana akanyamaza, kisha akaenda jikoni kwa bibi yake. Akarudi anacheka. "Shangazi, nilisahau maharage!" Hupandwa kwanza juu ya tuta, msimu unaofuata ndipo tuta husambazwa, ulezi ukapandwa.

Akakaa, akaandika mwenyewe: "Juu yake hupanda maharage, na msimu unaofuata hulisambaza, akapanda ulezi."

Sikugusa hata herufi.