Umeoa au Umeolewa? Usawa wa Kijinsia katika Tafsiri ya Tangazo la Kazi na Maswali ya Usaili

Imezoeleka kudaiwa kwamba Kiswahili hakimpi mfasiri wa matangazo ya kazi taabu ya kijinsia, kwa kuwa kiambishi a- na kiwakilishi yeye havibagui mwanamume na mwanamke. Dai hili ni sahihi kwa upande wa sarufi ya upatanisho tu. Sentensi "Mwombaji awasilishe vyeti vyake" haina jinsia. Inapopelekwa katika Kiingereza ndipo mfasiri asiye mwangalifu humfanya mwombaji kuwa mwanamume. Kasoro hiyo hurekebishika kwa urahisi: waombaji huwekwa katika wingi.

Ugumu hasa umo katika msamiati wa ndoa. Kitenzi oa humhusu mwanamume, na kauli yake ya kutendwa, olewa, humhusu mwanamke. Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili. Chukulia usaili wa nafasi ya mhudumu wa mapokezi katika hoteli, ambapo jopo huwauliza wanawake pekee, "Umeolewa?" Katika tafsiri ya Kiingereza swali hilo hupoteza jinsia yake, na msomaji wa kumbukumbu za usaili hudhani kila mwombaji aliulizwa. Hapa lugha ya usawa haikuondoa ubaguzi, imeuficha.

Kinyume chake, swali la Kiingereza likiletwa katika Kiswahili, mfasiri hulazimika kuchagua. Fomu nyingi huandika "umeoa/umeolewa", au hutumia "hali ya ndoa". Istilahi hii ya pili ni nadhifu, lakini unadhifu wake usimpumbaze mhakiki. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, miongoni mwa mengine, na taratibu za kuajiri zimo ndani ya katazo hilo. Swali lisilofaa haliwi halali kwa kupewa nomino ya kiofisi.

Njia yenye mashiko ni mfasiri kumuuliza mwajiri anachotaka kujua. Iwapo ni zamu za usiku, matini zote mbili zitaje zamu: "Kazi hii ina zamu mbili za usiku kila wiki. Je, utaweza kuzifanya?" Swali hilo huulizwa kwa kila mwombaji, kwa maneno yaleyale. Vivyo hivyo, "kijana wa kiume mwenye nguvu" katika tangazo la msaidizi wa ghala nafasi yake ichukuliwe na "awe na uwezo wa kunyanyua mzigo wa kilo 25", mradi ghala lina mizigo ya uzito huo.

Kuhusu ulemavu, kanuni moja haitoshi. "Mtu mwenye ulemavu" limechukua nafasi ya "kilema", na ni haki. Hata hivyo, "kiziwi" limebaki katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania kwa hiari ya wenyewe. Mfasiri anayelifuta kwa kuliogopa kiambishi ki- huwasahihisha watu ambao hawajaomba kusahihishwa.